Biti mbili za ũ: mti wa Huffman na bei ya kuandika Kikamba

Anayeandika meseji ya Kikamba kwa tahajia yake kamili, awe Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, hulipia herufi mbili bei kubwa kuliko zote: ĩ na ũ. Meseji moja ya SMS hubeba baiti 140, yaani biti 1120. Alfabeti ya kawaida ya GSM hutoa biti 7 kwa kila herufi, na ndiyo sababu tunahesabu herufi 160. Alfabeti hiyo ina è, ñ, ö na hata herufi kadhaa kubwa za Kigiriki, lakini ĩ na ũ hazimo. Mwandishi akitia ũ moja tu, simu huhamisha ujumbe wote kwenye mfumo wa UCS-2 ambamo kila herufi, hata a na nafasi tupu, huchukua biti 16. Hapo nafasi ya herufi 160 hushuka hadi 70. Ujumbe ukigawanywa vipande, kila kipande hupoteza nafasi zaidi kwa ajili ya maelezo ya kuunganisha, kikabaki na herufi 67. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 uliokuwa meseji moja hugeuka kuwa meseji tatu kwa sababu ya alama moja juu ya irabu moja. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na lugha inayosikika zaidi katika kaunti hizo mbili ndiyo inayotozwa hivyo.

Ni rahisi kudhani kwamba ũ ni ghali kwa asili yake, kwamba mashine inahitaji biti nyingi kuitunza kwa kuwa ni herufi isiyo ya kawaida. Dhana hiyo si kweli, na njia nzuri ya kuivunja ni mti ambao David Huffman aliubuni mwaka 1951 akiwa mwanafunzi wa Robert Fano katika chuo cha MIT, kisha akauchapisha mwaka 1952. Mti huo hauijui herufi yoyote. Unajua hesabu tu: kinachotokea mara nyingi hupewa biti chache, kinachotokea mara chache hupewa biti nyingi. Ukiuhesabia Kikamba, ũ huwa miongoni mwa herufi rahisi kuliko zote. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba bei ya herufi huamuliwa kabla mti haujajengwa, pale mtu anapochagua nani ahesabiwe na kitu gani kihesabiwe. Mti wenyewe hutii tu.

Tuchukue maneno manne ya Kikamba: mũndũ mũtĩ mũsyĩ kĩndũ, yaani mtu, mti, nyumbani, kitu. Pamoja na nafasi tatu baina ya maneno, ni alama 22. Herufi ũ inatokea mara 5. Herufi m, ĩ na nafasi zinatokea mara 3 kila moja, n na d mara 2, na t, s, y, k mara moja moja. Wingi huu wa ũ na ĩ hautokani na uchaguzi wangu wa maneno peke yake. Viambishi vya ngeli mũ- na kĩ-, pamoja na -nĩ ya mahali, huzirudisha herufi hizo kila sentensi. Katika UCS-2 alama hizo 22 huchukua baiti 44, sawa na biti 352. Katika UTF-8, mfumo unaotumika kwenye mtandao, kila ĩ na kila ũ huchukua baiti mbili badala ya moja, kwa hiyo jumla ni baiti 30, biti 240.

Ujenzi wa mti huanza kwa kuziweka alama zote kumi, kila moja na hesabu yake, katika foleni ya kipaumbele. Hii ni foleni ambamo anayetoka kwanza ni mwenye hesabu ndogo kuliko wote, hata kama aliingia mwisho. Hatua ni moja inayorudiwa: toa wawili wadogo, waunganishe chini ya nodi mpya yenye jumla ya hesabu zao, irudishe nodi hiyo foleni. Wanaolingana hutoka kwa utaratibu wa aliyeingia kwanza. Kwa maneno yetu, t na s hutoka kwanza na kuzaa nodi ya 2. Kisha y na k huzaa nodi nyingine ya 2. Zifuatazo ni n na d, nodi ya 4, halafu nodi mbili za mwanzo huungana kuwa 4 nyingine. Herufi m na nafasi huwa 6, na ĩ huungana na nodi ya n na d kuwa 7. Sasa foleni ina wanne tu: nodi ya 4 yenye t, s, y na k, ũ yenye 5, ya 6 na ya 7. Wawili wadogo ni ile ya 4 na ũ, wanakuwa 9. Nyingine mbili huwa 13. Mwisho 9 na 13 hukutana kwenye mzizi wenye 22, idadi ileile ya alama tulizoanza nazo. Isipolingana, kuna hesabu iliyopotea njiani.

Tawi la aliyetolewa kwanza tuliite 0 na la pili tuliite 1, kisha tusome njia kutoka mzizini hadi kwenye jani. Herufi ũ inapata 01, biti mbili tu. Inafuatiwa na m yenye 100, nafasi yenye 101 na ĩ yenye 110. Herufi n ni 1110, d ni 1111, na t, s, y, k ni 0000, 0001, 0010, 0011. Ukizidisha urefu wa kila msimbo kwa hesabu yake na kujumlisha, maneno yote manne yanachukua biti 69, ambazo zinaingia katika baiti 9. Herufi iliyogharimu biti 16 katika UCS-2, na kuwapandishia bei wenzake wote, sasa ndiyo yenye msimbo mfupi kuliko zote. Lugha haikuguswa, ila hesabu iliyofanyiwa kazi ndiyo imekuwa yake.

Kwa nini tuamini kwamba hakuna mti bora zaidi kwa hesabu hizi? Sababu ni fupi. Ikiwa herufi adimu imekaa karibu na mzizi huku ya kawaida ikiwa mbali, zibadilishe nafasi na jumla ya biti itapungua. Basi katika mti bora zile mbili adimu kuliko zote lazima ziwe mbali zaidi, na zinaweza kukaa pamoja chini ya nodi moja bila hasara. Ukishaziunganisha, tatizo lililobaki ni lilelile likiwa na alama moja pungufu. Fano alikuwa ameanzia juu, akigawa orodha nusu kwa nusu kutoka mzizini, na njia hiyo mara nyingine hukosa mti bora. Huffman alianzia chini kwenye majani, na foleni ya kipaumbele inafanya jambo hilohilo kwa kila hatua.

```python
import heapq

def jenga(hesabu):
    foleni = [(n, i, h) for i, (h, n) in enumerate(hesabu.items())]
    heapq.heapify(foleni)
    i = len(foleni)
    while len(foleni) > 1:
        a = heapq.heappop(foleni)
        b = heapq.heappop(foleni)
        heapq.heappush(foleni, (a[0] + b[0], i, (a[2], b[2])))
        i += 1
    return foleni[0][2]

def simbua(mti, biti, idadi):
    matokeo, nodi = [], mti
    for b in biti:
        nodi = nodi[int(b)]
        if isinstance(nodi, str):
            matokeo.append(nodi)
            nodi = mti
            if len(matokeo) == idadi:
                break
    return "".join(matokeo)
```

Namba `i` katika programu hii inaonekana kama pambo, lakini bila hiyo kazi inaharibika. Hesabu mbili zikilingana, Python hujaribu kulinganisha kitu kinachofuata, na ikikuta upande mmoja ni herufi na mwingine ni jozi ya matawi, programu hukatika. La uzito zaidi ni kwamba namba hiyo huweka utaratibu mmoja wa kuvunja sare. Miti miwili iliyojengwa kwa hesabu zilezile lakini kwa utaratibu tofauti wa sare yote ni bora, yote ina biti 69, ila misimbo yake haifanani. Mtumaji akiwa na mmoja na mpokeaji akiwa na mwingine, kitakachosomwa ni takataka. Ndiyo maana mifumo mingi, ukiwemo ule wa mafaili ya ZIP, haitumi mti wenyewe. Hutuma urefu wa msimbo wa kila alama, na pande zote mbili huijenga misimbo upya kwa kanuni moja iliyokubaliwa.

Kusimbua ni kutembea juu ya mti. Simama mzizini, soma biti, pinda kushoto kwa 0 au kulia kwa 1. Ukifika kwenye jani, andika herufi yake, rudi mzizini, endelea na biti inayofuata. Neno mũndũ limekuwa 100011110111101, bila mkato wowote ndani yake. Biti 1, 0, 0 zinafika kwenye m. Kisha 0, 1 ni ũ, halafu 1, 1, 1, 0 ni n, 1, 1, 1, 1 ni d, na 0, 1 ni ũ tena. Hapahitajiki alama ya kutenganisha herufi, kwa kuwa herufi zote zimekaa kwenye majani na hakuna jani lililo njiani kuelekea jani lingine. Hakuna msimbo ulio mwanzo wa msimbo mwingine, kwa hiyo msomaji hana haja ya kubahatisha wala kurudi nyuma. Kinachoweza kumpoteza ni mwisho wa ujumbe. Biti 69 hazijazi baiti 9 kamili, zinabaki biti 3 za kujazia. Katika ujumbe mwingine zinaweza kubaki 7, na sifuri nne kati ya hizo zingesomwa kuwa t ambayo hakuna aliyeiandika. Kwa sababu hiyo `simbua` inapewa idadi ya herufi na kusimama ikishaifikia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la kila siku: watu huandika u na i bila alama, na wanaelewana. Ni kweli. Hata jina la kituo cha redio cha Musyi FM huandikwa hivyo. Lakini Kikamba kina irabu saba, na tahajia inayozikusanya kuwa tano hutupa tofauti ambazo msikilizaji huzisikia na msomaji hulazimika kuzikisia kutokana na muktadha. Marafiki wawili watakisia vizuri. Tangazo la dawa ya mifugo au la tarehe ya chanjo halipaswi kutegemea kukisia. Isitoshe, desturi hiyo haithibitishi kwamba watu hawazihitaji alama, kwa maana imekua mahali ambapo kuziandika kuna adhabu ya meseji mbili za ziada. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola iendeleze matumizi ya lugha za asili, na ni vigumu kuendeleza maandishi ya lugha ambayo chombo cha kawaida zaidi cha kuyatuma kinayatoza zaidi ya mara mbili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wajuzi. Mpokeaji hawezi kutembea juu ya mti asio nao. Tukimtumia orodha ya alama kumi, kila moja kwa biti 16 za jina lake na biti 4 za urefu wa msimbo, tunaongeza biti 200. Jumla inakuwa 269, zaidi ya zile 240 za UTF-8 ambazo hazihitaji orodha. Kwa ujumbe mfupi, basi, mti uliotengenezwa kwa ujumbe huohuo ni hasara. Nalikubali pingamizi hili lote, na naona linaiimarisha hoja yangu. Dawa yake ni mti mmoja wa pamoja, uliohesabiwa mara moja kutoka maandishi mengi ya Kikamba na kuwekwa katika kila simu, pamoja na jani la dharura kwa herufi isiyotarajiwa, likifuatwa na biti zake 16. Wastani hautabaki biti 3 na kitu kama katika maneno yetu manne, ambayo yana herufi chache. Hata ukipanda hadi biti 5 kwa herufi, biti 1120 zingebeba herufi 224, na tahajia ikiwa kamili. Wazo hili si geni kwa wahandisi wa simu: kiwango cha GSM 03.42 kilieleza kubana SMS kwa mti wa Huffman, ingawa watengenezaji wa simu hawakukitumia sana. Baadaye Kituruki, Kihispania, Kireno na lugha kadhaa za Uhindi zilipata majedwali yao ya herufi ndani ya SMS. Kikamba hakikupata, na kikwazo hakikuwa cha hesabu.

Pingamizi la tatu ni udhaifu. Msimbo wenye urefu sawa ukipoteza biti moja kwa kugeuzwa, herufi moja huharibika na nyingine husalimika. Juu ya mti, biti moja mbaya humpeleka msomaji kwenye jani lisilo lake, tena huenda likawa refu au fupi kuliko lililokusudiwa, na kila kinachofuata husomwa kuanzia mahali pasipo. Tugeuze biti ya kwanza kabisa ya maneno yetu, 1 iwe 0. Badala ya «mũndũ mũtĩ » msomaji anapata «tdũnĩĩys ũ», herufi 10 za upuuzi mahali pa 11, kisha ghafla mũsyĩ kĩndũ vinasomeka sawasawa. Njia potovu ilikutana na mpaka wa kweli wa herufi kwa bahati, na tangu hapo kila kitu kikarudi sawa. Hali hii ya kujirudi hutokea mara nyingi katika misimbo ya Huffman, lakini hakuna anayeweza kuahidi itatokea lini. Dalili za kutazama ni mbili: idadi ya herufi haifiki ile iliyotangazwa, au biti zinaisha msomaji akiwa katikati ya matawi, hajafika kwenye jani. Zote mbili hugundua kosa bila kulisahihisha. Mti ni wa kubana tu, na ulinzi dhidi ya makosa lazima uwe tabaka jingine, kama ulivyo tayari katika mitandao ya simu.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa macho, nalo huingia kabla ya foleni. Herufi ũ inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, au kama u ikifuatwa na alama ya kuelea inayowekwa juu yake. Kwenye skrini zinafanana kabisa. Anayehesabu maandishi yaliyochanganya namna hizo mbili atapata mti wenye ũ, wenye u nyingi mno, na wenye jani la kialama peke yake, na ũ yenyewe itapata msimbo mrefu kuliko inavyostahili. Njia ya kujua ni kupima urefu. Maneno yetu manne yakirudisha 30 badala ya 22, irabu nane zimekatwa vipande viwili. Maandishi yasawazishwe kwanza, ndipo yahesabiwe.

Hapa linaingia swali la kitu gani kihesabiwe, na mfano wake bora katika nchi ya Ukambani ni mvua. Tuseme kipimo cha mvua cha Makueni kinarekodi kila siku kama kavu au yenye mvua, na siku 9 kati ya 10 ni kavu. Alama ziko mbili, na mti wa alama mbili hutoa biti 1 kwa kila siku, hata uwe na hesabu gani. Siku 3000 ni biti 3000, hakuna kilichobanwa, ingawa nadharia ya Claude Shannon inaonyesha kwamba kiasi cha biti 1407 kingetosha. Mti hauwezi kutoa nusu ya biti. Ukiziunganisha siku tatu tatu kuwa alama moja, «kavu kavu kavu» hupata biti moja peke yake, na jumla hushuka hadi karibu biti 1598. Foleni ni ileile na programu ni ileile, kilichobadilika ni kile kilichopewa jina la alama. Tena mfano huu unadhani kila siku inajitegemea, jambo ambalo mvua ya huko haifanyi: hukusanyika Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kisha ukavu hushika miezi mfululizo. Anayeijua mvua hiyo angehesabu urefu wa vipindi vya ukavu badala ya siku, na angebana zaidi.

Mjuzi atasema kwamba usimbaji wa kihesabu, unaoweza kutoa sehemu ya biti, unaupita mti katika hali kama hii, na kwamba programu za ujumbe za mtandaoni zimeifanya SMS kuwa jambo la jana. Kuhusu la kwanza ana haki. Kwa herufi za lugha, ambamo hakuna alama inayochukua asilimia 90 ya maandishi, faida hiyo ni ndogo, na mti ni rahisi kuukagua kwa kalamu na karatasi. La pili halitoshi. Mtandao hutumia UTF-8, na huko pia ĩ na ũ hulipa baiti mbili mahali a inalipa moja. Wanaobana kwa ZIP hutumia njia ya Deflate, ambayo hatua yake ya mwisho ni miti ya Huffman ileile, na kwenye ujumbe mfupi nayo ama hukabiliwa na gharama ileile ya kutuma majedwali, ama hutumia jedwali lisilobadilika ambalo halikuhesabiwa kutoka Kikamba. Tatizo limehamia nyumba nyingine bila kutatuliwa.

Kilichokosekana ni kazi ya kuhesabu. Biblia ya Kikamba ipo, vitabu vya shule vipo, lakini maandishi ya dini peke yake yatapotosha hesabu, kwa sababu mazungumzo ya soko la Wote hayafanani na Zaburi. Kunahitajika maandishi mchanganyiko, yaliyosawazishwa alama zake, yakahesabiwa hadharani, na jedwali moja la urefu wa misimbo likachapishwa ili mtu yeyote aweze kuujenga mti uleule. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kitui, kina wanafunzi wa kompyuta na kimezungukwa na wasemaji wa Kikamba. Kazi hii ni ya ukubwa wa mradi wa mwaka wa mwisho, na aifanye yeyote aliye tayari kuanza na kuhesabu ũ.